Pikipiki ya mkopo au ya tajiri: namna ya kuhesabu mpaka siku ya logibuku

Hapa Malindi kijana asiye na mtaji akitaka kuendesha boda ana njia mbili. Ya kwanza ni kushika pikipiki ya tajiri: kila jioni anapeleka hesabu, yaani kiasi cha siku walichokubaliana, kinachobaki ni chake, na pikipiki inabaki ya tajiri hata akiiendesha miaka kumi. Ya pili ni kuichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Anatoa kianzio, anapewa pikipiki mpya yenye traka chini ya tangi, ambayo mwenye mkopo huitumia kuizima akichelewa kulipa, na akimaliza siku zote logibuku inageuzwa kwa jina lake.

Stegini kwetu wengi huamua kwa sentensi moja: "Afadhali nilipe kitu ambacho mwisho wake ni changu." Sentensi hiyo nimeikubali kwa miaka, mpaka mpwa wangu alipokuja na daftari lake akasema, "Mjomba, hebu nihesabie." Tulikaa barazani usiku mzima. Tulichokipata ndicho ninachokiandika hapa, kwa nambari zake. Zako zitakuwa tofauti kidogo, kwa hiyo fuata njia, na kila mahali nilipoweka nambari yake weka ya kwako.

Anza na jumla moja, si malipo ya siku

Mwenye mkopo atakutajia malipo ya siku kwa sababu yanaonekana madogo. Wewe muulize: kuanzia kianzio hadi siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Asipokutajia, zidisha mwenyewe mbele yake.

Mkataba wa mpwa wangu ulikuwa kianzio cha 25,000, kisha 430 kila siku kwa siku 540, yaani miezi 18. Mara 540 ni 232,200. Ukijumlisha kianzio unapata 257,200. Pikipiki ile ile, Boxer mpya, dukani ilikuwa 180,000 kwa anayelipa taslimu. Tofauti ya 77,200 ndiyo bei ya kutokuwa na pesa siku ile. Sisemi ni nyingi au ni kidogo, lakini ijue kabla ya kutia sahihi.

Angalia pia neno "kila siku". Kwa mkopo, kila siku ni pamoja na Jumapili, Idi, siku ya matanga na siku unayoumwa. Kwa tajiri, ambaye hesabu yake ni 300 kwa siku, kwa kawaida ya stegi yetu mwezi huhesabiwa siku 26, na pikipiki ikilala kwa fundi hakuna hesabu siku hiyo. Ukilinganisha 430 na 300 bila kuhesabu siku, unadhani tofauti ni 130 tu. Kwa mwezi, 430 mara 30 ni 12,900, na 300 mara 26 ni 7,800. Tofauti ya kweli kwa mwezi ni 5,100.

Kisha tazama nani anabeba nini

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Petroli, oili na pancha ni za mwendeshaji popote pale, kwa hiyo tuziache, zinafutana. Lakini tairi, cheni na sproketi, brekishuu, beringi, klachi pleti na bima, anayevilipia hubadilika. Ukiwa na tajiri mwelewa, hivyo ni vyake. Ukiwa na mkopo, ni vyako tangu siku ya kwanza, ingawa pikipiki bado si yako.

Mpwa wangu alikuwa anaandika kila kitu, jambo ambalo lilituokoa. Kwa wastani vipuri vilimla 1,500 kwa mwezi. Pikipiki ikiwa mpya hutoi pesa, kisha mwezi mmoja tairi ya nyuma na cheni vinaisha pamoja. Bima ya thadi pati ilikuwa kama 500 kwa mwezi. Kwa miezi 18 hiyo ni 27,000 na 9,000. Niliongeza 3,000 za ada na nauli za kugeuza logibuku mwishoni.

Basi mkopo wote, hadi pikipiki iwe yake kweli, ni 257,200 na 27,000 na 9,000 na 3,000: jumla 296,200. Kwa tajiri, miezi hiyo hiyo 18 kwa 7,800 ni 140,400 na hakuna cha kuongeza.

Toa moja kwa nyingine: 155,800.

Nambari hiyo ndiyo ya kuishika. Si 257,200 na si 180,000. Mwendeshaji angelipa 140,400 hata hivyo ili apate pikipiki ya kufanyia kazi. Kilichozidi, 155,800, ndicho ambacho angekitoa kununua umiliki wa pikipiki iliyokwisha kutumika miezi 18. Swali linalobaki ni moja: pikipiki hiyo, siku hiyo, ina thamani gani?

Thamani ya mwisho: usiikisie, nenda ukaiangalie

Tafuta pikipiki tatu za aina ile ile, zilizofanya boda hapa hapa kwa mwaka mmoja na nusu, ambazo zimeuzwa kweli. Usichukue bei iliyotangazwa. Muulize fundi, maana fundi ndiye anayeitwa kuikagua kabla ya kununuliwa, na anajua pesa iliyotolewa mkononi. Sisi tulipata bei za karibu 90,000.

Usichukue bei za bara. Pikipiki ya hapa inaliwa na chumvi. Chuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, weka ukucha pale spoki inapoingia kwenye rimu. Kama unga wa kahawia unatoka na ukucha, spoki hizo zimeanza kukatika. Kisha pitisha kidole chini ya tangi, kwenye mshono, na kwenye shingo ya ekizosi inapokutana na injini. Ile inayolala nje upande wa Shella, upepo wa kusi ukiipiga usiku kucha, na ile inayolala ndani Kakuyuni si pikipiki moja, hata zikiwa zimetoka duka moja siku moja. Kama wewe ni wa upande wa bahari, punguza bei uliyoipata, au uanze kuiosha kwa maji matamu kila jioni tangu siku ya kwanza.

Kitu kingine kinachoshusha bei kuliko kutu ni logibuku isiyokuwa na jina la anayeuza. Pikipiki safi yenye logibuku ya jina la kampuni ya mkopo, mnunuzi mwenye akili haigusi. Kwa hiyo ile 90,000 ni ya pikipiki iliyokwisha kugeuzwa jina. Kabla ya hapo thamani yako ni sifuri. Nasema sifuri kwa uzito wote, na nitarudi hapo.

Sasa weka vyote mezani

Mwendeshaji akimaliza mkopo ametoa ziada ya 155,800 na amepata kitu cha 90,000. Akiiuza siku ile ile amepoteza 65,800 ukilinganisha na yule aliyebaki na tajiri. Mpwa wangu aliposikia hivyo alinyamaza, nami pia sikuwa nimetarajia.

Lakini nani anamaliza mkopo ili auze kesho yake? Faida ya umiliki inaanza siku ya 541, anapoamka na hakuna anayemdai. Hapo anaokoa zile 7,800 za tajiri kila mwezi. Pikipiki imezeeka, kwa hiyo nikaweka vipuri 2,500 na bima 500. Inabaki 4,800 safi kwa mwezi. Wakati huo huo bei ya pikipiki inashuka.

Akikaa nayo miezi 12, ameokoa 57,600 na pikipiki tuseme ni ya 70,000. Jumla 127,600, bado hajafika 155,800. Miezi 18: ameokoa 86,400, pikipiki 62,000, jumla 148,400. Karibu. Mwezi wa 20 ameokoa 96,000 na pikipiki bado inaweza kuuzwa kama 60,000, jumla 156,000. Hapo ndipo mkopo unalingana na tajiri. Kuanzia mwezi wa 21 ni faida tupu.

Kwa nambari hizi, basi, swali si "nataka pikipiki iwe yangu?" Swali ni "nitaendelea na boda kwa miezi 38 tangu leo, na pikipiki hii?" Kama unangoja kuitwa kwenye kazi ya hoteli Watamu, au una mpango wa kwenda Mombasa mwakani, mkopo huu utamalizia faida yake kwa mtu mwingine.

Hesabu hii inategemea sana nambari ya tajiri. Tajiri akidai 400 badala ya 300, miezi 18 kwake inakuwa 187,200, na ziada ya mkopo inashuka hadi 109,000. Na baada ya kumaliza unaokoa 10,400, ukitoa 3,000 unabaki na 7,400 kwa mwezi. Hapo mkopo unalingana na tajiri mwezi wa nne tu baada ya logibuku. Vivyo hivyo kama tajiri wako ni wa kukuambia "tairi ni yako, mwanangu". Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya mkopo popote, hakikisha unajua unamlipa tajiri kiasi gani kweli, ukiwa umehesabu na vipuri anavyokusukumia.

Njia ya tatu ambayo hakuna anayekuuzia

Mkopo ulikuwa unamtoa mpwa wangu 12,900 na 2,000 za vipuri na bima: 14,900 kwa mwezi. Kwa tajiri angetoa 7,800. Akibaki na tajiri na kuweka tofauti, 7,100, kila mwezi kwenye chama, juu ya zile 25,000 za kianzio, mwezi wa 10 anazo 96,000. Zinanunua taslimu pikipiki iliyotumika ya 90,000, ile ile ambayo kwa mkopo ataipata mwezi wa 18. Akivumilia hadi mwezi wa 22 anazo zaidi ya 180,000 na ananunua mpya, isiyoguswa na mtu.

Kwenye karatasi njia hii inashinda zote mbili. Kwenye maisha, wangapi wanaweka 7,100 kila mwezi bila kuulizwa? Mkopo una nguvu moja ya kweli: ukichelewa pikipiki inazimika, kwa hiyo unalipa. Chama hakizimi pikipiki. Nimeona njia hii ikifaulu pale tu pesa zinapokatwa kila jioni na mtu mwingine. Stegini kwetu mweka hazina anapita saa kumi na mbili na daftari, na hakuna kuzitoa kabla ya siku iliyoandikwa. Kama huna chama cha namna hiyo, usijidanganye na hesabu hii. Chagua kati ya zile mbili za kwanza.

Siku ya 330

Nilisema kabla ya logibuku thamani yako ni sifuri. Hili ndilo linalowaumiza watu, maana wanaona kama wanajenga nyumba, kila siku tofali moja, na nusu ya siku ni nusu ya pikipiki. Sivyo.

Mpwa wangu alianza tarehe 1 Julai. Agosti wageni walikuwa wengi, Desemba hadi Machi pia, akalipa bila kuruka siku. Ilipoingia masika kazi ikafa. Mei hapa kwetu mvua inanyesha asubuhi hadi jioni, hoteli nyingi zimefungwa, na abiria mwenye mzigo anachagua tuktuk kwa sababu ina paa. Alilipa hadi siku ya 330, tarehe 26 Mei, kisha akashindwa. Siku chache baadaye pikipiki ilizimika njiani karibu na Ganda ikiwa na abiria juu, na haikuchukua muda ikaja kubebwa kwa pikapu.

Wakati huo alikuwa amelipa 25,000 na siku 330 za 430, jumla 166,900. Ukiongeza vipuri na bima za miezi 11, ametoa 188,900. Kwa tajiri angetoa 85,800. Tofauti ya 103,100 ikaenda na pikapu.

Kilichoniuma zaidi tulikijua baadaye. Mkataba wake ulikuwa wa haya-pachesi, na Kenya kuna sheria ya mikataba hiyo, Sura ya 507. Inasema mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei yote ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua tena ila kwa kwenda mahakamani. Thuluthi mbili za 257,200 ni kama 171,470. Alikuwa amepungukiwa na 4,570, siku 11 tu za malipo. Hizo angezikopa hata kwa mama yake.

Kwa hiyo siku unayochukua pikipiki, fanya hesabu hii: jumla ya mkataba, zidisha kwa mbili, gawa kwa tatu, toa kianzio, gawa kwa malipo ya siku. Kwake ilikuwa siku ya 341. Iandike tarehe yake ndani ya kava la daftari. Kisha itazame imeangukia mwezi gani. Ikiwa ni Aprili, Mei au Juni, anza kulipa mbele wakati wageni wapo, Desemba na Januari, ili uivuke kabla mvua haijashika. Kuanza mkopo Septemba au Oktoba kunasaidia pia: unapata miezi minne au mitano mizuri ya kujitanguliza kabla ya masika yako ya kwanza.

Ila kinga hiyo ni ya haya-pachesi tu. Mikataba mingi siku hizi ni ya mkopo wa kawaida, pikipiki ikiwa dhamana chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, na huko mstari wa thuluthi mbili haupo. Utajua kwa kusoma: karatasi ikisema unakodi pikipiki na una haki ya kuinunua mwishoni, ni haya-pachesi. Ikisema umekopeshwa pesa na pikipiki ni dhamana, ni mkopo. Kama Kiingereza chake kinakupita, mpelekee mtu akusomee kabla ya kutia sahihi. Karatasi ambayo hawakubali utoke nayo hata kwa siku moja, iache mezani.

Maswali matatu ya kuuliza ukiwa bado na kianzio mfukoni

Pikipiki ikiibiwa, nani anaendelea kulipa? Thadi pati inamlipa uliyemgonga, hailipi pikipiki yako. Bila bima kubwa ndani ya mkataba, unaweza kubaki unalipa 430 kwa siku kwa kitu kilichokwisha kuvuka mto Sabaki usiku. Jibu liwe limeandikwa, si la mdomo.

Nikimaliza mapema, mnapunguza kiasi gani? Wengine hawapunguzi kitu, unalipa riba ya miezi ambayo hukutumia. Hilo linabadilisha mpango wako wa pesa za Desemba: lipa mbele kiasi cha kuvuka masika, lakini usihangaike kumaliza yote ikiwa hakuna punguzo.

Logibuku imeandikwa majina gani sasa? Muulize akuonyeshe nakala. Jina lako likiwa pamoja na la kampuni ni afadhali kuliko la kampuni peke yake.

Siku ya mwisho

Usifute namba ya malipo kwenye simu siku unayomaliza. Chukua taarifa ya malipo yote, kisha dai barua inayosema deni limekwisha na wanaachilia pikipiki. Ugeuzaji unafanyika kwa NTSA kupitia eCitizen: mwenye jina la sasa ndiye anayeanzisha kwenye akaunti yake, nawe unaingia kwenye yako kukubali. Maana yake ni kwamba wasipoanzisha wao, wewe huwezi kuigeuza peke yako, na ndiyo sababu vijana wengi wanaendesha mwaka mzima pikipiki waliyomaliza kulipa lakini si yao. Fungua akaunti yako mapema, hakikisha namba ya kitambulisho na ya KRA ziko sawa, na uende ofisini kwao na barua mkononi wiki ile ile.

Na traka itolewe. Mpeleke fundi wako akaone inavyofunguliwa, kwa sababu waya wa kuzima injini ukikatwa ovyo pikipiki itakusumbua kuwaka kila asubuhi ya unyevu.

Mpwa wangu yuko kwa tajiri sasa, 300 kwa siku, na kila jioni mweka hazina anapita. Kwenye kava la daftari lake jipya ameandika tarehe atakayotimiza mwezi wa 10 wa kuweka.